Msalaba wa Kusini utavunjika lini? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu nyota zinazohama

Kila mwaka ikifika mwezi wa tano, Msalaba unasimama wima kusini mida ya saa tatu usiku, na watu wanaanza kuniuliza maswali yaleyale. Nimeamua niyaandike hapa mara moja. Majina ya nyota nayaandika kama yanavyotokea kwenye Stellarium, ile apu ya kuonyesha anga, ili ukitaka kuzitafuta usihangaike: Acrux ndo mguu wa msalaba, Gacrux ndo kichwa (ile yenye wekundu), Mimosa mkono wa kushoto, Imai mkono wa kulia, na kale kadogo ka tano kanaitwa Ginan. Pembeni kushoto kuna zile mbili kali zinazouonyesha msalaba, Rigil Kentaurus na Hadar. Rigil Kentaurus ndo Alfa Sentauri ileile mnayoisikia, mi nitaiita Rigil tu.

Nyota si zimesimama? Babu alikuwa anaona Msalaba huuhuu.

Babu yako aliona huuhuu, na babu wa babu yako pia. Lakini hazijasimama hata moja. Kila nyota unayoiona inazunguka kitovu cha Njia Nyeupe, jua letu likiwemo, kwa kasi ya kilomita mia mbili na kitu kwa sekunde, na kwa sababu tunakwenda karibu pamoja hatuoni kama tunakwenda. Ni kama abiria kwenye basi moja, wote mnakimbia lakini mwenzako wa siti ya mbele yuko palepale. Ila sasa hawa abiria hawakutulia kwenye siti, kila mmoja anajisogeza kivyake kidogo, huyu kushoto, yule nyuma, na huko kujisogeza ndo kunakobadilisha maumbo. Wataalamu wanakuita mwendo binafsi wa nyota, yaani nyota yenyewe imesogea mbele ya nyota za nyuma yake, siyo dunia imegeuka.

Mbona mimi naona zinahama kila usiku, na miezi mingine Msalaba haupo kabisa?

Hiyo ni nyingine, na ndo inayochanganya watu kuliko zote. Kuchomoza na kuzama kila usiku ni dunia inajizungusha. Kupotea miezi mingine ni dunia inazunguka jua, kwahiyo upande ule wa anga unakuwa juu mchana. Kuna na ya tatu, mhimili wa dunia unayumba taratibu kama pia inayokaribia kuanguka, mzunguko mmoja unakula karibu miaka 26,000, na hiyo ndo iliyowaondolea Msalaba watu wa Ugiriki. Zamani za kale waliuona chini kusini, leo kwao hauchomozi.

Zote tatu hizo zinalihamisha anga zima kwa pamoja, kama umeshika picha ukutani ukaizungusha. Picha haibadiliki. Msalaba unabaki na umbo lake, unainuka, unashuka, unalala kwa ubavu, lakini umbali kati ya Gacrux na Acrux ni uleule. Mwendo binafsi ndo pekee unaoingia ndani ya picha na kumsogeza mtu mmoja mmoja. Kwahiyo ukitaka kujua unaongelea mwendo gani jiulize hivi: umbali kati ya nyota na nyota umebadilika? Kama haujabadilika, basi siyo huu.

(Wale wa kuuliza kwa nini nyota yako ya kuzaliwa siku hizi haifuati tarehe, jibu lenu ni mhimili kuyumba. Hapa hamhusiki.)

Zinahama kwa kasi gani?

Tuelewane kwanza kwenye kipimo. Nyoosha mkono mbele, upana wa kidole kidogo ni karibu nyuzi 1 ya anga. Gawa nyuzi hiyo mara 60 unapata dakika, gawa dakika mara 60 unapata sekunde. Kwahiyo nyuzi 1 ina sekunde 3,600. Hizi sekunde ni za pembe, siyo za saa, usije ukachanganya. Mwezi mpevu una upana wa karibu nusu nyuzi, kama sekunde 1,860.

Rigil inahama sekunde 3.7 kwa mwaka. Ukigawa utaona kwamba inahitaji kama miaka 500 kuvuka upana wa mwezi mmoja. Vasco da Gama alifika Malindi Aprili 1498, na Aprili jioni nyota hizi zipo juu. Basi tangu siku zile hadi leo Rigil imesogea upana wa mwezi na kachenji. Nahodha wa Malindi wa wakati ule akifufuka leo ukampeleka ufukweni, Msalaba ataujua papo hapo, lakini akikazana sana kutazama huenda akasema mbona hizi mbili zimekaribiana.

Na hiyo Rigil ni miongoni mwa zinazokimbia. Nyota nyingi unazoziona kwa macho zinahama chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde kwa mwaka, yaani nyuzi moja kwa zaidi ya miaka 36,000.

Kwa nini Rigil ihame haraka halafu Hadar iliyo jirani yake iwe kama imeganda?

Hapa ndo utamu wenyewe ulipo. Hadar inahama kama sekunde 0.04 kwa mwaka, yaani karibu mara tisini pungufu ya Rigil. Mtu anafikiri basi Hadar ni mvivu. Siyo.

Simama Kigamboni ukitazama bahari. Bodaboda ikipita mbele yako inakupita fyuu, shingo inageuka. Meli kule upeoni inaweza kuwa na kasi ileile ya boda lakini unakunywa dafu zima unamaliza, bado ipo palepale. Kinachotofautisha ni umbali. Rigil iko miaka ya nuru 4.4 hivi kutoka kwetu, Hadar iko karibu miaka ya nuru 390. Kwa macho zimekaa bega kwa bega, ukweli ni kwamba moja ni ya mbele kabisa na nyingine iko mara tisini zaidi kwa nyuma.

Kuna fomula fupi ya kugeuza kuhama kwa angani kuwa kilomita:

```
v = 4.74 × μ × d
```

v ni kasi ya kukatiza mbele yetu kwa kilomita kwa sekunde, μ ni sekunde za pembe kwa mwaka, d ni umbali kwa parseki (parseki moja ni miaka ya nuru 3.26). Weka Rigil: 4.74 mara 3.7 mara 1.34, unapata kama 23.5. Weka Hadar: 4.74 mara 0.04 mara 120, unapata kama 23. Umeona? Kasi karibu ileile, kilomita ishirini na tatu na kitu kila sekunde, Dar hadi Morogoro kwa sekunde nane hivi. Siku nilipoipiga hesabu hii mara ya kwanza nilidhani nimekosea, nikairudia kwenye kikokotoo cha simu mara tatu.

Angalia pia kwamba fomula inakupa kasi ya kukatiza tu. Nyota inayokuja moja kwa moja usoni kwako haihami kabisa angani hata ikikimbia vipi. Kasi ya kuja au kuondoka inapimwa kwa njia nyingine, kwa kuchambua rangi za mwanga wake, na kwa Rigil inaonyesha inatusogelea kwa kilomita 22 kwa sekunde hivi.

Kwahiyo hizo mbili zitagongana?

Hazigongani, zipo mbali mno kwa kina. Lakini kwa macho zitakutana, na unaweza kuhesabu mwenyewe lini.

Leo kati ya Rigil na Hadar kuna kama nyuzi 4.4, vidole vitatu vya katikati ukinyoosha mkono ni karibu hapohapo. Zidisha mara 3,600, ni sekunde 15,840. Hadar ichukulie imesimama. Rigil inaelekea magharibi, yaani upande wa Hadar kabisa, kwa sekunde 3.7 kwa mwaka. 15,840 gawa kwa 3.7 ni kama miaka 4,280. Ongeza kwenye mwaka wa leo unaangukia kwenye 6300 na kitu.

Hesabu za wataalamu zinasema karibu mwaka 6200. Tofauti hiyo haitokani na uzembe wako, inatokana na lile tulilosema kwamba Rigil inatusogelea, na kitu kikikaribia kinaonekana kukimbia zaidi, kwahiyo hizo sekunde 3.7 zenyewe zinaongezeka pole pole. Hesabu ya mstari mnyoofu inachelewa kidogo.

Haitapita juu yake kabisa. Rigil inapanda kidogo kaskazini inapokwenda, kwahiyo itaipita Hadar kwa umbali mdogo tu. Hebu fikiria nyota mbili katika zile kali kabisa za anga zote zimebanana hivo. Sisi hatupo, lakini watakaokuwepo watakuwa na mambo ya kutazama. Na hapo lile somo la "fuata hizi mbili upate Msalaba" litakuwa limekwisha, maana nukta mbili zilizobanana hivo huwezi kuchora mstari wa kuaminika kupitia kwao. Baadaye Rigil itaendelea, itapita juu ya Msalaba upande wa kaskazini, na miaka kama elfu 27 kutoka leo itakuwa imefika kwenye kundi la Hydra, ikiwa karibu nasi kuliko wakati wowote, miaka ya nuru 3 hivi, na iking'aa zaidi ya leo. Baada ya hapo inaanza kuondoka.

Na Msalaba wenyewe je?

Msalaba una msaliti mmoja, ni Gacrux.

Acrux, Mimosa na Imai ni ndugu kweli. Zote ni nyota changa za buluu, zote ziko kati ya miaka ya nuru 280 na 350 hivi, ni za kundi kubwa la nyota zilizozaliwa pamoja, na zinahama upande mmoja kwa karibu mwendo mmoja, kama sekunde 0.04 kwa mwaka kila moja. Hizo tatu zitabaki pamoja muda mrefu sana.

Gacrux ni mpita njia. Ni jitu jekundu, umri wake na asili yake ni vingine kabisa, na iko miaka ya nuru 88 hivi tu, mbele ya wenzake. Inahama sekunde 0.27 kwa mwaka, na karibu mwendo wote huo ni kuelekea kusini. Kusini ni wapi? Ni upande wa Acrux. Yaani kichwa cha msalaba kinateremka kwenye shina.

Tuhesabu tena. Kutoka Gacrux hadi mstari wa mikono, ule unaounganisha Mimosa na Imai, ni kama nyuzi 2.1, sawa na sekunde 7,560. Mikono nayo inateremka kidogo, kwahiyo toa hapo, Gacrux inaikaribia kwa sekunde 0.25 hivi kwa mwaka. 7,560 gawa kwa 0.25 ni miaka 30,000 na kidogo. Siku hiyo kichwa kitakuwa kimefika kwenye mikono, nyota tatu karibu kwenye mstari mmoja na Acrux chini yao peke yake. Siyo msalaba tena, ni herufi T. Ginan nayo itakuwa imejisogeza kuelekea Imai, kwahiyo hata kale kanukta ka pembeni ambako watu wanakatumia kuutambua Msalaba wa kweli kutoka kwa ule wa uongo hakatakuwa pale.

Na ukirudisha mkanda nyuma miaka 30,000, Gacrux ilikuwa juu zaidi, urefu wa Msalaba ukiwa kama nyuzi 8 badala ya 6 za leo. Mrembamba, mrefu, labda usingeuita msalaba, ungeuita mshale. Huu uzuri wa leo wa vipimo ni bahati ya wakati tuliopo, ilipita nyota nyekundu mbele ya ndugu watatu na sisi tukawepo.

Na Kilimia? Nayo itasambaa?

Kilimia ni kesi tofauti kabisa na naipenda kwa sababu hiyo. Zile nyota sita saba unazoziona zimejikusanya hazijapangwa na macho yetu, zimeshikana kweli, zilizaliwa pamoja kwenye wingu moja na zinakwenda pamoja kama kundi la ndege. Ziko miaka ya nuru 440 hivi, zote zinahama karibu sekunde 0.05 kwa mwaka, upande mmoja. Kwahiyo Kilimia yote inahama nyuzi moja kwa kama miaka 70,000, lakini inahama na umbo lake. Mkulima wa miaka elfu 30 ijayo hatauona Msalaba wetu ila Kilimia ataijua. Itakuja kutawanyika, ila hapo tunaongelea mamia ya mamilioni ya miaka.

Dubu Mkubwa, yule anayeonekana chini kaskazini kwetu huku, ni mchanganyiko wa hizo habari mbili. Katika nyota saba za ule mfano wa upawa, tano za katikati ni kundi moja linalosafiri pamoja kwa umbali wa kama miaka ya nuru 80, na mbili za mwisho, moja kila ncha, zinakwenda kivyao upande mwingine. Ukiziacha miaka 100,000 upawa unapinda ncha zote mbili.

Nani aligundua hii kama mtu haishi muda wa kutosha kuiona?

Kwa kutumia macho ya marehemu. Ptolemi wa Aleksandria, karne ya 2, aliandika orodha ya nyota zaidi ya elfu moja na mahali pa kila moja, zikiwemo nyota za Msalaba ambazo yeye alizihesabu kama miguu ya Kantarusi, kile kiumbe nusu mtu nusu farasi. (Ni Ptolemi huyuhuyu aliyetaja Rhapta kwenye kitabu chake cha jiografia, ule mji wa pwani yetu ambao bado watu wanautafuta.) Mwaka 1718 Edmond Halley, yule wa nyotamkia, alichukua orodha hizo za kale akazilinganisha na vipimo vya wakati wake. Akaondoa kwanza mhimili kuyumba, maana huo unajulikana. Baada ya kuondoa, nyota nyingi zikakaa sawa lakini Sirius na Arcturus zikakataa. Arcturus ilikuwa imekosea kwa zaidi ya upana wa mwezi.

Sasa angesema tu wazee wale walipima vibaya, na kweli vipimo vya kale vina makosa ya hata theluthi moja ya nyuzi. Lakini nyota hizi ni kali, zinapimika vizuri, na kosa lilikuwa kubwa kuliko kawaida, tena lenye mwelekeo mmoja. Akasema nyota zimehama. Kwa sekunde 2.3 kwa mwaka za Arcturus, zidisha miaka 1,600 hivi, unapata kama nyuzi 1. Inakubali.

Kuna sehemu ya Afrika kwenye habari hii?

Ipo, tena kubwa, na mara nyingi inasahauliwa. Nyota za kusini huwezi kuzipima ukiwa London. Mwaka 1832 na 1833 Thomas Henderson alikuwa Rasi ya Tumaini Jema, pale Keptauni, akipima Rigil. Mtu mmoja aliyekuwa kisiwa cha Sent Helena alishamdokeza kwamba nyota hii inahama kupita kiasi, na Henderson akawaza kama unavyowaza wewe na ile boda: inayokimbia hivi lazima iko karibu. Akapima umbali wake akaupata, ila hakuwa na uhakika na kifaa, akakaa na majibu mpaka 1839. Bessel wa Ujerumani akawa ameshatoa ya kwake 1838, ya nyota nyingine aliyoichagua kwa sababu hiyohiyo, inakimbia. Henderson akakosa kuwa wa kwanza kwa kusitasita.

Halafu Johanesbagi, 1915. Robert Innes alikuwa na picha mbili za kioo za eneo la Rigil zilizopigwa kwa kupishana miaka. Unaziweka kwenye mashine inayokuonyesha moja, nyingine, moja, nyingine, harakaharaka. Nyota zote zinatulia, iliyohama inarukaruka. Akaona kanukta hafifu karukaruka, tena kwa kasi karibu sawa na ya Rigil na kuelekea hukohuko, ingawa iko nyuzi mbili pembeni. Kumbe ni jamaa yake. Ndo ile Proxima, nyota iliyo karibu nasi kuliko zote ukiacha jua. Ilipatikana kwa kuhama kwake, kwa mwanga usingeichagua kati ya maelfu.

Mimi mwenyewe naweza kuona nyota imehama?

Kwa macho matupu, hapana. Jicho zuri linatofautisha kama dakika moja ya pembe, sekunde 60. Rigil inatembea hizo kwa miaka 16, kinadharia ndani ya umri wako, lakini hakuna nyota nyingine iliyo karibu nayo kiasi cha kukusaidia kulinganisha na kumbukumbu yako haipimi hivo.

Kwa kamera inawezekana, ila uvumilie. Lenzi ya milimita 200 kwenye kamera ya kawaida yenye piseli za mikroni 4 inakupa sekunde 4 kwa piseli. Rigil inahama karibu piseli moja kwa mwaka, miaka mitano ni piseli nne na nusu, inaonekana. Tatizo ni kwamba Rigil ni kali, inafurika kwenye picha inakuwa tundu jeupe, na tena siyo nyota moja, ni mbili zinazozungukana kwa karibu miaka 80, kwahiyo katikati ya hilo tundu panayumba kwa sababu nyingine isiyo ya kwako. Piga Proxima badala yake. Ni hafifu, hutaiona kwa jicho, unahitaji kitako kinachofuata anga, lakini inatoka nukta safi na inahama sekunde 3.9 kwa mwaka.

Makosa matatu nimeyafanya mwenyewe. La kwanza, nilipiga moja Machi nyingine Agosti. Dunia ilikuwa imehamia upande mwingine wa jua, na nyota ya karibu hivo inayumba kwa hilo tu hadi sekunde 1 na nusu kwenda na kurudi. Piga mwezi uleule kila mwaka. La pili, nilizilinganisha picha kwa kuzishika kwenye nyota mbili tu. Shika kwenye nyota nyingi hafifu, hizo za mbali ndo hazihami. La tatu, nilipiga ikiwa chini karibu na paa la jirani, hewa ya chini inapindisha mwanga. Subiri ipande.

Nikiweka mwaka 6200 kwenye Stellarium siuoni Msalaba, apu imeharibika?

Haijaharibika. Kwa miaka elfu nne ule mhimili unakuwa umeyumba, kwahiyo tarehe na saa zilezile zinakuletea upande mwingine wa anga. Usitafute kwa mahali, tafuta kwa jina: andika `Hadar` kwenye kisanduku cha kutafutia, ikikuambia iko chini ya upeo zima ardhi au sogeza saa. Kwenye kompyuta `F5` inafungua dirisha la tarehe, `F3` la kutafuta. Rigil utaikuta pembeni yake. Kwa Gacrux nenda mbali zaidi uwezavyo, na usishangae programu ikikukatalia miaka mikubwa sana, nyingine zina ukomo.

Hizi hesabu za miaka elfu thelathini tuziamini kweli?

Kwa Msalaba, ndiyo, kwa kiwango cha "miaka elfu 30 hivi". Satelaiti ya Hipparcos ilipima kati ya 1989 na 1993 nyota kama 118,000 kwa usahihi wa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ikaja Gaia, ikarushwa Desemba 2013 ikapima hadi Januari 2025, karibu nyota bilioni mbili, kwa usahihi zaidi. Ila kuna kichekesho ambacho wengi hawakijui: Gaia ilitengenezwa kwa ajili ya nyota hafifu, hizi kali kali zinaipofusha. Kwahiyo nyota unazozijua kwa jina, Rigil, Hadar, Acrux, kwa sehemu kubwa bado tunategemea Hipparcos na vipimo vya ardhini.

Kosa la sehemu moja ya elfu ya sekunde kwa mwaka likikusanyika miaka 30,000 linakuwa sekunde 30, nusu dakika, halionekani hata kwa jicho. Shida inaanza ukisema miaka milioni. Hapo mstari mnyoofu unavunjika kwa sababu nyota inapinda ikifuata mvuto wa Njia Nyeupe, umbali wake umebadilika kiasi kwamba sekunde kwa mwaka za leo hazina maana tena, na nyota changa kali kama Acrux na Mimosa zina uzito unaozimaliza haraka, miaka mamilioni machache hadi makumi. Umbo la wakati huo halichoreki kwa kusogeza nukta za leo, baadhi ya nukta zenyewe zitakuwa zimeshalipuka.